Baridi Chini ya Ngozi

Nilikuwa nimeshamlilia yule mwanamke, nikamaliza. Habari za kifo chake nilizipata sokoni, zimechelewa kama kawaida: kwamba alifariki na mimba yake ya pili, kwamba walimzika kwao, upande wa Butembo, na kwamba alimwachia mumewe mtoto mmoja. Basi asubuhi moja, nimeinama nachambua pini za nywele, kivuli kikaziba mlango wa saluni. Nikainua kichwa. Alikuwa yeye. Amesimama kizingitini, mwanga wa nje ukimpiga mgongoni, shingo ile ile ndefu, bega moja limeshuka kidogo, na masikioni zile hereni za dhahabu ambazo mimi mwenyewe nilimvalisha siku ya ndoa yake.

Pini zote zilinimwagika. Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimeishi Goma maisha yangu yote, nimehama nyumba kwa ajili ya moto wa volkano, nikarudi kujenga juu ya mawe yake. Lakini nilibaki palepale chini, nikishika sakafu.

Ndipo akanisalimia, na sauti ikawa nyingine, nyembamba na yenye haya. Nyuma yake akaingia mama mmoja mnene aliyefunga kilemba cha zambarau, amemshika mkono msichana mdogo wa umri wa kuanza shule. Yule mama nilimjua. Alikuwa mama mkubwa wa marehemu, dada wa mama yake, ambaye alimlea tangu mama yao alipofariki. Na huyu mwenye hereni, aliniambia huku akijitafutia kiti, alikuwa mdogo wake marehemu. Ndugu wameketi, wameona mtoto asilelewe na mgeni, kwa hiyo mdogo ataingia katika nyumba ya dada yake. Padri amekubali, mume amekubali, ndoa ni mwisho wa mwezi.

Nilimuuliza bibi harusi kama naye amekubali. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hunitangulia. Akasema ndiyo, amekubali, kwa ajili ya mtoto. Alisema akiwa anaangalia mikono yake.

Mama mkubwa hakupenda swali langu, lakini alilimeza. Akafungua mfuko, akapanga vitu kwenye meza yangu, kimoja kimoja, kwa heshima, kama mtu anayepanga vitu vya misa. Mkufu wa dhahabu. Bangili ya dhahabu. Shela imekunjwa ndani ya nailoni. Mwisho akatoa chupa ndogo ya fond de teint, ile krimu ya kupaka uso upate rangi moja, na chupa ile niliitambua mara moja kwa sababu mimi ndiye niliyemuuzia marehemu. Namba ya rangi nilikuwa nimeiandika kifunikoni kwa kalamu nyeusi. Ilikuwa bado inasomeka.

Akasema, kwa utulivu wote, kwamba alitaka nimfanye huyu mtoto wake kama nilivyomfanya yule mwingine. Hereni zile, shela ile, krimu ile, mdomo ule ule mwekundu wa machungwa. Watu wakimwona kanisani waone kwamba nyumba haijafungwa. Alipokuwa anasema hivyo alimgeukia bibi harusi amwambie akae vizuri, na akamwita kwa jina la marehemu.

Nilidhani ulimi umemteleza. Lakini yule msichana aliitika bila kushtuka, akakaa vizuri, na nikaelewa kwamba nyumbani hilo jina lilikuwa limeshamvaa. 

Nina kanuni moja kazini kwangu, na kwa sababu ya kanuni hiyo wengine huniita mwenye madharau. Simpaki mtu krimu ya mtu mwingine, na simpaki krimu yoyote kabla sijajua ngozi yake inaficha nini. Wateja wengi hufikiri rangi ni mbili tu, mweupe au mweusi, na katikati kuna maji ya kunde. Hiyo ni rangi ya juu. Jua huibadilisha, na mafuta ya kujichubua huiharibu. Lakini chini yake kuna rangi nyingine inayokaa mahali pake. Kuna mweusi sana ambaye chini amejaa dhahabu, na kuna mweupe ambaye chini ana waridi na buluu. Ukimpaka mtu wa dhahabu krimu yenye waridi anakuwa wa majivu. Ukimpaka mtu wa buluu krimu ya dhahabu, uso unakuwa wa machungwa, na shingo inabaki ya mtu mwingine. Wale walionifundisha kazi walisema kwa Kifaransa: wa joto, wa baridi, wa katikati. Mimi niliyageuza Kiswahili na sikuyafikiria tena. Wa moto, wa baridi, wa katikati. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo mbele ya wateja wengi, na hakuna aliyewahi kulia.

Nikamwambia mama mkubwa kwamba ndugu wa tumbo moja wanaweza kufanana pua, kicheko na mwendo, na bado wasifanane chini ya ngozi. Lazima nimpime. Akaniambia nipime, lakini nisipoteze muda.

Kuta za saluni yangu nilizipaka rangi ya waridi, nikidhani zitavutia wateja, na taa yangu ina manjano. Hapo ndani huwezi kusoma kitu, kila mtu anageuka rangi ya ukuta. Kwa hiyo huwa natoa kiti nje, kivulini, penye mwanga wa mchana usio na jua la moja kwa moja. Mbele ya saluni hakuna rangi ya kudanganya jicho, ni mawe meusi tu ya volkano, hadi barabarani. Nikamwosha bibi harusi uso kwa maji matupu, nikasubiri ngozi ipoe na ile damu ya kusuguliwa irudi mahali pake. Kisha nikamgeuza kiganja juu nikaangalia mishipa ya ndani ya kifundo cha mkono.

Kwa mtu mweusi sana mishipa haionekani, na hapo huwa najitegemeza kwa vipimo vingine. Huyu alikuwa maji ya kunde, na mishipa yake ilijionyesha yenyewe. Ikiwa ya kijani, mtu ni wa moto. Kwa kweli mshipa si wa kijani, ni ile dhahabu ya ngozi inayoupitia juu. Ikiwa ya buluu au zambarau, ni wa baridi. Ukishindwa kuamua, huku kijani huku buluu, basi labda ni wa katikati. Mishipa ya dada yake niliikumbuka vizuri, ilikuwa ya kijani cha sombe mbichi, yale majani ya muhogo, na tulicheka juu yake. Hii ilikuwa ya buluu, na palipogawanyika, karibu na kiganja, ikaingia zambarau.

Nikasema bila kufikiri, “Huyu ni wa baridi.”

Mama mkubwa alisimama. Yule mtoto, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa juu ya jiwe akichezea kibanio cha nywele, aliacha kucheza. Akamtazama bibi harusi, halafu akanitazama mimi.

“Naye atakufa?” akaniuliza.

Sikumwelewa. Nikamuuliza kwa nini anasema hivyo, na yeye akanieleza polepole kama unavyomweleza mtu mzima asiyeelewa upesi. “Mama alikuwa baridi. Walinibeba nimushike mukono. Iko baridi sana.”

Huko kwao waliuleta mwili sebuleni, sanduku wazi, na mtu mmoja aliona ni vizuri mtoto amuage mama yake. Mimi sikuwapo na sina haki ya kusema. Lakini palepale nilimkasirikia mtu huyo, yeyote aliyekuwa, na nikajikasirikia mimi pia kwa neno langu la kazi. Mama mkubwa alitema mate pembeni. Akaniambia nilifute neno hilo, kwa sababu nyumba yake imeshazika wa kutosha, na asingependa fundi wa uso amtabirie mtoto wake wa pili. Nikamweleza kwamba si joto la mwili, ni namna tu ya kutaja rangi. Akasema rangi haina baridi. Mwenye baridi ni maiti.

 Bibi harusi alikuwa ameficha kifundo chake chini ya mkono mwingine.

Ili kutuliza mambo nikasema mishipa peke yake haitoshi, na hilo ni kweli. Nikaenda kwenye kipimo cha vito. Nilimvua hereni moja ya dhahabu, nikamwachia nyingine. Upande ulio wazi nikamvalisha hereni yangu ya feza, ile fedha nyeupe ya vito, na nikamwekea mkufu wa dhahabu kwenye bega moja na mnyororo wa feza kwenye bega lingine. Kisha nikamshikia kioo na kumwambia mama mkubwa asogee aangalie kwa macho yake.

Sitausahau uso ule. Upande wa feza alikuwepo msichana, na ngozi yake ilikuwa safi na jicho limeamka. Upande wa dhahabu kulikuwa na mtu mgonjwa. Kivuli cha chini ya jicho kilikuwa kimezama, pembe ya mdomo imekuwa ya majivu, na mashavu yaliyokuwa yamejaa yakaonekana yamebonyea. Nilipoziba nusu moja ya uso kwa kiganja changu, halafu nusu nyingine, ilikuwa ni watu wawili. Na yule wa dhahabu, sasa naweza kuliandika, ndiye aliyefanana na marehemu. Hakufanana na marehemu siku ya ndoa yake. Alifanana na vile nilivyokuwa nimemwaza tangu nilipopata habari sokoni.

Mama mkubwa naye aliona. Nilimwona akiona. Alijikaza, akasema hereni zinahitaji kusafishwa tu, zimekaa sana ndani.

Akaifungua ile nailoni akatoa shela. Alikuwa amenisikia nikitaja kipimo cha tatu, kitambaa cheupe, na akasema shela hii hapa, nyeupe, tupime kwa hii. Nikaona ni sawa, itanipunguzia kazi. Kitambaa cheupe kabisa ukikiweka chini ya kidevu, uso hauna pa kujificha. Wa moto anatoka na umanjano, wa baridi anatoka na waridi au buluu, na wa katikati hatoki na chochote. Nikamfunika nywele kwa taulo, nikamzungushia shela kifuani mpaka kidevuni, nikarudi nyuma hatua chache.

Sikuona kitu. Uso haukuwa wa manjano, haukuwa wa waridi. Ulikuwa umefifia tu, umetulia vibaya, kama picha iliyokaa juani. Nikageuza kiti kidogo, nikaangalia tena. Nikaanza kujishuku. Labda mishipa ilinidanganya, labda hereni kweli zilikuwa chafu.

“Kumbe ni wa katikati,” akasema mama mkubwa. Sauti yake ilikuwa imeshapata nguvu. “Wa katikati anavaa yote. Tumemaliza.”

Bibi harusi akafumba macho. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa akisubiri jibu langu kwa namna ambayo mtu hasubiri jibu la krimu. Alikuwa anataka kipimo kimtoe mahali fulani, na kipimo kilikuwa kinamrudisha. Nilimwonea huruma.

Nikaenda kuchukua taulo jingine, jeupe, kwenye kamba nimfunge shingoni, maana nilitaka kuendelea na kazi. Lilikuwa jipya, bado halijafuliwa. Nikaliweka juu ya shela bila kusudi lolote, na shela ikageuka rangi mbele ya macho yangu. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya maziwa, maziwa yaliyoanza kupata utando wa mafuta juu. Na papo hapo nikakumbuka. Mimi ndiye niliyeichagua. Dada yake alikuja na shela nyeupe kabisa, nikamwambia hii inakupiga, wewe ni wa moto, tafuta yenye umaziwa, na tulizunguka maduka mpaka tukaipata hii. Kwa Kiswahili chetu tuliita zote nyeupe, tukasahau. Kwa hiyo nilikuwa nimempima mdogo kwa kitambaa kilichochaguliwa kwa ngozi ya dada yake. Marehemu alikuwa anajibu mahali pa mdogo wake, na mimi nilikuwa naandika jibu.

Nikaivuta shela nikaitupa mgongoni mwa kiti. Mama mkubwa akafoka kwamba hicho si kitambaa cha kutupa. Nikamwambia tutasameheana baadaye. Nikambania bibi harusi taulo jeupe chini ya kidevu.

Uso ukaja. Waridi ikatoka mashavuni, na chini yake ile buluu yenyewe, ya chini kabisa, nyororo. Hata mama mkubwa aliguna. Vipimo vitatu vikawa vimekubaliana, na mimi sikusubiri ruhusa. Nikasema, nikichagua maneno safari hii, kwamba huyu ni mtu wa feza. Shela iwe nyeupe kabisa, mdomo uwe mwekundu wa beri, unaoingia zambarau, na krimu iwe namba nyingine. Ile ya chupa isimguse.

“Chupa italala hapa basi?” akasema mama mkubwa. “Hii ya marehemu tuitupe?”

Nikamjibu kwamba hata kama ngozi ingekuwa ile ile nisingeitumia, krimu imeshapita miaka mingi, imeharibika. Ili kumwonyesha nikawarudisha ndani, mezani, nikafungua kifuniko. Mafuta yalikuwa yamejitenga juu, na harufu ilikuwa ya nta ya zamani. Nilishangaa kuona imebaki kidogo sana. Nilijua mwanamke yule hakuwa mpenda kujipaka, chupa kama hiyo ingemtosha maisha.

Mtoto alikuwa ameshuka kwenye jiwe. Alikuja akasimama karibu na meza, akavuta hewa kwa pua.

“Njo hii harufu ya mama alipolala,” akasema, yaani ndiyo yenyewe.

 Pikipiki zilipita barabarani. Halafu mama mkubwa akasema, bila kututazama, kwamba yeye ndiye aliyempaka. Kule walikomlaza, kabla ya kumleta sebuleni, aliomba aachwe naye peke yake. Alimpaka uso, shingo, na mikono mpaka vifundo, kwa sababu rangi ilikuwa imemtoka na hakutaka watu wamwone vile. Alipaka, na haikushika. Akapaka tena. Alitumia karibu chupa yote. “Ngozi haikuwa inakunywa,” akasema. “Miye nilifikiri, kama angepakwa na mutu mwenye mikono yako, ingeshika.”

Sikuwa na hasira tena na yule mama. Nilikuwa nimeshika chupa ile mkononi na sikujua niiweke wapi. Kwa maiti hakuna rangi ya chini, damu ikisimama inaondoka nayo, na hakuna namba kifunikoni inayoweza kuirudisha. Alikuwa amepambana na jambo hilo peke yake, na sasa amekuja kwangu na ngozi iliyo hai, akitumaini safari hii itakunywa.

Bibi harusi akasogea. Hereni ya dhahabu ilikuwa bado sikioni. Akaivua, akaiweka mezani pole pole.

“Mama,” akasema, na alimwambia mama yake mkubwa, “niliitika kuingia katika ile nyumba. Niliitika kulea. Lakini kila asubuhi munaniita jina yake, na ule mutoto ananiangalia anangoja nianze kuwa baridi. Ukinipaka ile kitu, atajua kwamba nimeshakufa.”

Mama mkubwa alijibu kwa shida kwamba mume ndiye anayetaka hivyo, ili moyo wake utulie. Bibi harusi akamwambia ampigie. Nadhani mama mkubwa alitaka kukataa, lakini mimi na mdomo wangu nikasema simu yangu ina vocha. Mume alikuwa mji wa Kiwanja kununua maharage, tulisikia kelele za soko na mtu anataja bei. Mama mkubwa akamweleza, akizunguka sana, kuhusu shela na dhahabu na krimu, kwamba wanataka kumtengeneza vizuri kama ile siku. Kelele za soko zikapungua, kama mtu aliyesogea kando. 

“Mama,” sauti ikasema, “nilizika muke wangu. Tafazali musimurudishe mulangoni.”

Mama mkubwa alikata simu. Aliketi kwenye kiti cha wateja, kile chenye kioo mbele, akavua kilemba akajifuta nacho uso. Alilia bila sauti. Bibi harusi alikwenda kumshika mabega, na mimi nilijifanya naokota zile pini nilizozimwaga tangu walipoingia.

Ni mtoto aliyekuwa ametoka na kubaki njiani, mbele ya mlango, hana wa kumshika. Bibi harusi alimwona kwenye kioo. Akamwacha mama mkubwa, akatoka nje, akapiga magoti juu ya mawe, na kumnyooshea mkono uliogeuzwa kiganja juu, mishipa wazi.

“Shika. Iko baridi?”

Mtoto hakutaka. Alificha mikono nyuma. Yule mwanamke hakuusogeza mkono wake wala hakumlazimisha, aliuacha pale hewani. Mwishowe mtoto akaleta kidole kimoja, akakigusisha juu ya mshipa wa buluu, akakiacha.

“Iko moto,” akasema. Akafikiri. “Iko inaruka.”

“Miye ni nani?”

Mtoto akamwangalia mtu huyo asiye na hereni, amefungwa taulo kichwani, uso umeoshwa. “Mama mudogo,” akasema, na akamkumbatia shingoni kwa nguvu hadi karibu amwangushe.

Mama mudogo. Mdogo wa mama, jina ambalo alikuwa nalo siku zote, na ambalo nyumba nzima ilikuwa imelizika pamoja na mwenye shela. Sikumsikia mama mkubwa akimwita tena kwa jina la marehemu. Siku ya ndoa nilimpaka namba yake, nikampima kwanza kwenye taya nikasubiri kidogo nione kama itageuka, na haikugeuka, ilipotea ndani ya ngozi. Alivaa shela nyeupe kabisa na hereni zangu za feza, nilizomwazima na ambazo mpaka leo sijazidai. Baadhi ya ndugu walinung’unika kwamba hafanani na dada yake hata kidogo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kanisa na nikaona nimelipwa.

Kuhusu chupa, mama mkubwa aliniomba niimalize mimi. Nilishindwa kuitupa kwenye takataka. Nilikwenda nyuma ya saluni, penye ufa kati ya mawe, nikaimwaga humo, nikatupa chupa na kifuniko chake, nikaziba kwa changarawe. Kwa wiki kadhaa nilinusa nta kila mvua iliponyesha. Au nilijidanganya. Tangu hapo hakuna mteja aliyenisikia nikitaja moto wala baridi. Nasema mtu wa dhahabu, mtu wa feza, na yule wa vyote viwili.

Mwaka huu walikuja tena, mama mudogo na yule msichana, sasa amerefuka na meno ya mbele yameota. Alikuwa anajiandaa kwa komunyo ya kwanza na alitaka asukwe. Nilipokuwa nikimfunga kitambaa shingoni akaniuliza kama nilikuwa bado napima watu mikono. Nikamwambia ndiyo. Akaitoa yake.

Nilitazama mwanga kwanza. Kisha nikamtoa nje, nikamkalisha kwenye jiwe lile lile, nikamgeuza kiganja juu. Sikutaka kusema, kwa hiyo nikamwachia mama mudogo aone mwenyewe. Aliinama, akakaa ameinama muda mrefu, na nikaona mkono wake, wenye mishipa ya buluu, ukishika ule mdogo.

Mishipa ya mtoto ilikuwa ya kijani. Kijani cha sombe mbichi, kile kile cha mama yake, kinatembea chini ya ngozi na kuruka.

“Ni nini?” mtoto akauliza. “Niko baridi?”

Mama mudogo alitikisa kichwa.  “Hapana. Ile dhahabu yote nyumbani,” akasema, “njo yako.”